SolidWorks au FreeCAD kwa mchoro wa kutawanya vipande? Mashine ile ile ya miwa nimeichora kwenye zote mbili

Wakuu, hii naiandika kwa yule ambaye ameambiwa na bosi au na mteja "tutengenezee kitabu cha maelekezo ya kuunga mashine" halafu anakaa mbele ya laptopu hajui aanzie programu gani. Mi nilikuwa hapo hapo. Nitalinganisha SolidWorks na FreeCAD kwa kazi moja tu, kutawanya vipande vya mashine, kuvuta mistari inayoonyesha kila kipande kinarudi wapi, na kupanga hatua zifuatane vizuri kwenye kitabu. Mambo mengine ya hizo programu siyagusi, hayo watu wameshabishana vya kutosha.

Kazi yenyewe. Kuna karakana Gerezani, Dar, nawachorea, wanatengeneza mashine ya mkono ya kukamua miwa, rola mbili, unazungusha mpini. Mashine ikishaungwa ni mzigo mbaya kwenye basi, wale wa buti wanakuchaji wanavyojisikia, kwahiyo inasafirishwa ikiwa vipande kwenye boksi na gunia na fundi wa huko inakoenda ndiye anayeunga. Vipande kwa idadi ni 83, usishtuke, 48 kati ya hivyo ni bolti, nati na springi washa za kufungia beringi. Ukihesabu aina inakuwa 14 tu: sahani ya pembeni (ziko mbili zinafanana), beringi ya flenji UCF205 nne, rola ya juu, rola ya chini, fito nne za kushikilia sahani zisiachane, giya mbili, kii tatu, mpini, trei ya juisi, na vile vidogo vidogo vya kufungia.

Kitabu cha kwanza nilichowapa kilikuwa na picha moja kubwa, mashine yote imetawanywa, namba pembeni na jedwali chini. Nilijiona nimemaliza. Wiki mbili baadae simu kutoka Mbeya, fundi amefunga sahani zote mbili na fito zote nne, amekaza vizuri kabisa kwa nguvu zake zote, sasa rola haiingii. Na haiwezi kuingia, ncha za rola zinapita kwenye matundu ya sahani kwahiyo lazima rola iwe ndani kabla hujafunika na sahani ya pili. Picha yangu ilionyesha kila kitu kiko wapi, ila haikusema nini kinatangulia. Ile picha kubwa inafaa kwa mtu anayetaka kuagiza spea, anaangalia namba 6 anasema nitumieni namba 6. Anayeunga kwa mara ya kwanza anahitaji picha ndogo ndogo, kila moja na kazi yake.

Kwahiyo nikakaa upya, nikaigawa kazi kwenye picha tano. Ya kwanza sahani na beringi zake mbili. Ya pili rola mbili na fito zinaingia kwenye sahani ya kushoto iliyolazwa chini. Ya tatu sahani ya kulia inafunika. Ya nne kii na giya. Ya tano mpini na trei. Mgawanyo huu nilifanya kwa kalamu kwenye karatasi, nimesimama karakanani fundi anaunga mbele yangu, na nakushauri ufanye hivyo kabla hujafungua programu yoyote, maana kwenye skrini kipande kinapita ndani ya chuma kama mzimu wala hukistukii.

Sasa tuingie.

Kuvuta vipande

Kwenye SolidWorks unafungua asembli, unabonyeza `Exploded View`, unachagua kipande, inatokea mishale mitatu, unashika mshale unavuta. Ukimaliza unabonyeza `Done` na inaandikwa `Explode Step1`, ukivuta kingine `Explode Step2`, hivyo hivyo. Umbali unaweza kuvuta kwa mausi ukaridhika, au uandike namba. Mi naandika namba, na sababu ni hii.

Chukua picha ya kwanza. Bolti ni M10 ya urefu wa milimita 40, inaingilia upande wa ndani, inapita kwenye sahani ya milimita 10, inapita flenji ya beringi, halafu nje kuna springi washa na nati. Ukiivuta bolti milimita 40 kuelekea ndani, ncha yake inakuwa ndio kwanza imefika usawa wa sahani, kwa macho inaonekana bado imechomekwa. Ukiivuta 80 inabaki nafasi ya milimita 40 kati ya ncha na sahani, hapo mstari unaonekana na macho yanaelewa kwamba hii imetoka kabisa. Beringi nikaitoa 60 kwenda nje, springi washa 100, nati 120. Ukivuta kwa mausi tu bila kuandika, bolti za juu zinakaa 78 na za chini 83, kwenye skrini huoni, ikishaprintiwa inaonekana kama mtu amechora amelewa.

Bolti zote nane unazichagua kwa mpigo mmoja, unavuta mara moja, hiyo ni hatua moja. Kwahiyo picha ya kwanza nzima ina hatua nne tu. Kuna na kitu cha kuachanisha nafasi chenyewe, unachagua vipande vilivyopangana kwenye mhimili mmoja unavuta na programu inagawa nafasi sawa, na kuna kutawanya kwa mviringo kutoka katikati, ambayo kwa mashine hii sikuihitaji.

FreeCAD kabla ya toleo la 1.0 kazi hii ilikuwa mateso, ulikuwa unategemea viongezeo vya watu, kimoja kinafanya kazi leo kesho ukisasisha kimekufa. Toleo la 1.0 lilitoka Novemba 2024 likaja na benchi lake lenyewe la asembli, na humo ndani kuna `Exploded View`. Unaibonyeza, unachagua kipande kwenye 3D, unashika mshale, unavuta, na kila mvuto unajiandika kwenye orodha kama mwendo mmoja. Kuna na kitufe cha kutawanya kwa mviringo. Ukikubali na kufunga lile dirisha, mashine inarudi kama ilivyokuwa imeungwa, usiogope, mchoro wako haujapotea, umekaa kwenye mti wa faili pale kushoto, ukiubofya mara mbili vipande vinatawanyika tena.

Kwa kuvuta tu, kusema kweli tofauti ni ndogo. SolidWorks ni laini zaidi hasa ukitaka kurekebisha hatua uliyoifanya nusu saa iliyopita, unaifungua unabadilisha 80 kuwa 90 imeisha. Kwenye FreeCAD mara nyingi nimejikuta nafuta ule mwendo narudia, ni dakika mbili lakini ni dakika mbili mara nyingi. Ukiwa na asembli ya vipande 83 hutaona shida, ukiwa na ya vipande 600 utaichukia.

Mistari, hapa ndipo wanapoachana

Mstari wa kutawanya kazi yake ni kumwambia fundi "hiki kinarudi kwenye tundu lile". Ukikosea mstari ni heri usingeweka kabisa, maana fundi ataufuata.

Tatizo la mstari wa kujichora wenyewe ni hili. Programu inahitaji kujua mstari uanzie sehemu gani ya kipande, na ikikosa maelekezo inachukua katikati ya boksi, yaani uwaze kipande kimewekwa ndani ya boksi la mstatili linalokitosha kabisa, halafu pale katikati ya boksi ndipo mstari unatokea. Kwa nati au beringi hiyo ni sawa, katikati ya boksi na katikati ya tundu vinakaribiana. Sasa weka mpini. Mpini wangu una urefu wa milimita 300, upande mmoja una tundu linaloingia kwenye ncha ya rola, upande wa pili pa kushikia. Katikati ya boksi lake ni karibu milimita 150 kutoka kwenye tundu! Kwahiyo mstari unatokea katikati ya mpini hewani, unaenda kugota hewani pembeni ya mashine. Fundi akiuona huo anadhani kuna bolti imesahaulika kwenye boksi, na mmoja alipiga simu kuuliza hiyo bolti kweli.

SolidWorks matoleo ya karibuni yana `Smart Explode Lines` inayochora mistari ya vipande vyote kwa mpigo, na unaweza kuiambia kwa kipande fulani usitumie katikati ya boksi, tumia nukta niliyochagua mimi. Nikachagua ukingo wa duara wa tundu la mpini, mstari ukahamia mahali pake. Na kama una toleo la zamani au unataka kuchora mwenyewe kuna `Explode Line Sketch`, hiyo unabofya ukingo wa tundu la mpini, unabofya ukingo wa duara wa ncha ya rola, mstari unaunga hizo mbili ukiwa umekaa kwenye mhimili kabisa. Kuna na mstari wa kona, yaani kipande kimetoka nje halafu kimesogezwa pembeni ili kisifunikwe na kingine, mstari unakunja kona za mraba unakifuata. Huo niliutumia kwa kii. Kii inakaa kati ya giya na ncha ya rola, ukiivuta kwenye mhimili ule ule inajificha nyuma ya giya, kwahiyo nimeiinua juu milimita 50 na mstari unashuka mpaka kwenye mfereji wake.

Jambo zuri ambalo sikulitegemea ni kwamba ukibadilisha umbali baadae mstari unakufuata wenyewe, sababu umeshikwa kwenye kipande. Nilibadilisha mawazo kuhusu ule umbali wa giya mara tatu, sikugusa mstari hata mmoja.

FreeCAD yenyewe inachora mstari kwa kila mwendo, kutoka kipande kilipokuwa hadi kilipo, na inatumia katikati ya boksi. Kwa beringi, bolti, nati, rola, fito, ikatoka safi sikuwa na la kusema. Kwa mpini ikafanya ile ile ya hewani, na hapo sikupata pa kuiambia nataka nukta hii. Njia niliyotumia ni kwenda kwenye `TechDraw`, ambako ndiko unakoweka picha kwenye karatasi, nikauficha ule mstari mbaya, nikachora wa kwangu kwa kuunganisha nukta mbili. Inafanya kazi, inaonekana vizuri. Ila elewa kwamba huo mstari ni wa karatasi, haujui habari za kipande. Ukirudi kwenye 3D ukasogeza mpini milimita 20, mpini unasogea na mstari unabaki pale pale umeduwaa. Kwahiyo kwenye FreeCAD mistari ya mkono iwe kazi ya mwisho kabisa, baada ya bosi kupitisha umbali wote, usiku wa kuamkia siku ya kuprinti ikibidi.

Na kitu kimoja kwa wote, usichore mistari yote. Bolti nane kwenye picha ya kwanza zina mistari nane, zinapita mbele ya beringi, inakuwa kama chandarua. Nimeacha ya beringi moja, minne, nyingine nimeficha, halafu pembeni nimeandika x8. Fundi ana akili, akiona nne zinaingia hivi na nyingine nne anajua.

Mpangilio wa hatua

Hapa kuna mtego ambao unawakamata hata watu wenye uzoefu. Ukitawanya unaanza na kile cha nje, mpini, halafu giya, halafu sahani, unaelekea ndani. Lakini anayeunga anaanzia ndani anakuja nje. Kwahiyo `Explode Step1` yako ndiyo hatua ya mwisho ya kitabu. Ukinakili namba za hatua kutoka kwenye programu kwenda kwenye kitabu bila kuzigeuza umempa fundi kitabu cha kubomoa mashine.

SolidWorks wana amri ya kuchezesha mchoro ukijikusanya, `Animate collapse`, inarudi kinyume, ya mwisho kutawanywa inaingia kwanza. Hii ndiyo kipimo changu. Naiangalia kama vile mi ndio fundi, je kuna kipande kinapita ndani ya kingine? Mara ya kwanza nilivyoangalia niliona giya inaingia kwenye ncha ya rola halafu kii inakuja kushuka kutoka juu, inapita ndani ya chuma cha giya mpaka mferejini. Haiwezekani bana, kii inakaa kwanza kwenye mfereji wa rola, giya ndiyo inateleza juu yake. Nikashika ile hatua kwenye orodha nikaiburuta ikakaa sehemu yake, nikacheza tena ikawa sawa. Bila ile animesheni kosa hili lingekwenda mpaka Mbeya.

Kwenye FreeCAD kipimo hiki nafanya kwa kichwa na kwa orodha ya miendo, naisoma kutoka chini kwenda juu, kwa sauti kabisa, "kii inaingia, baada yake giya, baada yake mpini". Unacheka lakini inasaidia. Kwa picha tano zenye miendo minne minne inawezekana kabisa. Kwa mashine ngumu ningeogopa.

Sasa zile picha tano zenyewe. Kwenye SolidWorks mchoro wa karatasi ukionyesha asembli iliyotawanywa unaonyesha hatua zote kwa pamoja, huwezi kuiambia nionyeshee mpaka hatua ya tatu tu. Nilipoteza nusu siku natafuta hicho kitufe. Kinachofanyika ni kutengeneza michoro ya kutawanya kadhaa ndani ya asembli ile ile, mmoja kwa kila picha, halafu kwenye karatasi unabofya kulia kwenye picha, unaingia `Properties`, unatiki `Show in exploded or model break state` na unachagua mchoro upi. Na vile vipande ambavyo havijafikiwa, mfano kwenye picha ya pili giya na mpini havitakiwi kuonekana kabisa, unavificha kwa kutumia `Display State`, kila picha na yake. Ukishazoea inakwenda haraka, lakini zipe majina, usiache zile namba za programu. Mimi naita P1, P2 mpaka P5, mchoro na hali yake ya kuonekana jina moja, la sivyo utachanganya mchoro wa picha ya tatu na vipande vya picha ya nne.

FreeCAD nilienda njia nyingine. Picha ya kwanza, sahani na beringi, niliifanya asembli yake peke yake kwenye faili yake, halafu ile asembli ndogo ndiyo inaingia kwenye asembli ya picha ya pili kama kipande kimoja kilichokwisha, na kuendelea hivyo. Yaani kila picha ina asembli yake ambayo ina vile tu vinavyohitajika, hakuna haja ya kuficha kitu. Halafu unachagua ule mchoro wa kutawanya kwenye mti wa faili, unaenda `TechDraw`, unaingiza picha, inakuja imetawanywa na mistari yake. Ni kazi zaidi mwanzoni lakini kwa ukweli ilinilazimisha nifikirie kama fundi anavyofikiria, hiki kinaungwa mezani kwanza ndio kinaenda kwenye mashine. Baadae hata kwenye SolidWorks nikahamisha sahani na beringi zake kuwa asembli ndogo.

Namba za pembeni na jedwali nitapita haraka. SolidWorks ukishaweka jedwali la vipande, namba zinajiweka zenyewe na `Auto Balloon` na zinafuata jedwali, ukiongeza kipande zinajipanga upya. FreeCAD jedwali inatengeneza, ila maduara ya namba unayaweka moja moja na namba unaandika mwenyewe, kwahiyo ukibadilisha jedwali unarudi kukagua picha zote tano kwa macho. Niliwahi kuacha namba 11 kwenye kii wakati 11 ni giya, kumbe niliongeza washa za M12 kwenye jedwali nikasahau kusogeza.

Kuna hatua ambayo mchoro hauwezi kuisema

Hii haihusu programu ila bila hii kitabu chako kitarudi. Beringi ya UCF ina skrubu ndogo za kukaza kwenye pete ya ndani, zinaishika rola isiteleze. Zinakuja na beringi, hazimo kwenye hesabu yangu ya 83, na kwenye mchoro wa kutawanya hazionekani sababu hazitoki. Lakini mpangilio wake ni muhimu kuliko vyote, unakaza nati za fito kwanza, unazungusha rola kwa mkono uone haikwami, unaziweka rola katikati, ndio unakaza hizo skrubu. Ukizikaza kabla ya fito, rola inavutwa upande mmoja na mpini unakuwa mzito, mteja anasema mashine mbovu. Kwahiyo baada ya picha ya tatu nimeweka picha ndogo isiyotawanywa, imekuzwa pale kwenye beringi, na mshale. Programu zote mbili hilo zinaweza, ila hakuna inayokukumbusha.

Kuprinti

Kitabu chetu hakiprintiwi kiwandani, kinaenda steshenari Kariakoo kinatolewa fotokopi nyeusi na nyeupe. Picha yenye rangi na kivuli ikipita kwenye fotokopi ya tatu inakuwa doa jeusi. Kwenye SolidWorks weka picha kwenye `Hidden Lines Removed`, mistari mitupu. Mistari ya kutawanya yenyewe inakuja ya kukatika na myembamba, kwenye fotokopi mbovu inapotea, unaweza kuinenepesha kidogo kwenye mipangilio ya faili sehemu ya `Line Font`. `TechDraw` yenyewe tangu mwanzo inatoa mistari mitupu, hapa FreeCAD ikanipa kitu kizuri bila kuomba. Nilitoa kurasa zile zile kutoka programu zote mbili nikampa kijana wa steshenari azikopi mara mbili, nikamuuliza ipi imetoka SolidWorks, hajui hata ninaongelea nini, lakini hakuona tofauti.

Kwahiyo uchukue ipi

Kama ofisi yenu ina leseni ya SolidWorks tayari, usihangaike, ile mistari inayofuata kipande na ile animesheni ya kujikusanya zinakuokolea muda mwingi, hasa kama mashine inabadilika badilika wakati kitabu kinaandikwa, na kwa bosi wangu inabadilika kila Jumatatu. Kama vipande ni mamia, au kitabu kimoja kina matoleo ya mashine matatu manne, hapo pia sioni mtu akichukua FreeCAD kwa hiari.

Kama leseni hamna, na usiniambie habari za ile iliyovunjwa ya kwenye flashi, kitabu kinaenda kwa wateja kikiwa na jina la kampuni, chukua FreeCAD toleo la 1.0 au la juu yake. Ni bure, inaruhusu kazi ya biashara, inakaa kwenye Windows, Linux hata Mac, wakati SolidWorks inataka Windows. Kwa mashine kama hii yetu inatosha kabisa. Masharti ni mawili, usichore mstari wa mkono mpaka umbali umeshapitishwa, na kila picha iwe na asembli yake.

Mtu ataniuliza Fusion. Ile inatawanya kwenye mstari wa muda kama unatengeneza video, kwahiyo kama kinachotakiwa ni video ya kutuma kwa WhatsApp ningeanza na hiyo. Kwa kitabu cha karatasi sijaifanyia kazi kamili kwahiyo siiweki kwenye mizani.

Mimi muda niliotumia, SolidWorks siku moja na nusu kwa picha zote tano ikiwemo ile nusu siku ya kutafuta kitufe kisichokuwepo. FreeCAD siku tatu, moja nzima ikiwa ni kuunda upya asembli ndogo ndogo. Iliyoenda kwa wateja ni ya FreeCAD, sababu karakana haina leseni na laptopu ya ofisini niliyokuwa natumia yenye SolidWorks si yangu. Kabla ya kuprinti nyingi tulimpa boksi na kurasa zile tano kijana wa karakana ya jirani anayechomelea mageti, hajawahi kushika mashine ya miwa, tukamwambia usituulize kitu. Aliunga mpaka mwisho, akasimama sehemu moja tu, picha ya pili, fito nne zimesimama kwenye sahani hazijakazwa na zilikuwa zinamwangukia. Nimeongeza kamstari ka maneno pale chini ya picha, kaza nati za chini za fito kwa mkono kwanza.